Nimerudi kazini baada ya TB, leo nimepewa barua ya kujieleza

Nyota_Pipeline
Jumanne 7 Aprili, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wadau. Pole nimeshapewa za kutosha, sasa natafuta mtu wa kuniambia nijibu vipi.

Mimi ni karani wa mishahara kwenye kiwanda kimoja huku Viwandani. Tuna wafanyakazi 180, karibu nusu yao vibarua wanaolipwa kwa saa. Dawati hilo nimelishika miaka sita na mishahara haijawahi kuchelewa hata siku moja mikononi mwangu. Nadhani hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Januari yote nilikohoa nikidhani ni vumbi la kiwanda. Kutoka kilo 61 nikashuka hadi 52. Tarehe 9 Februari nikapewa ruhusa, keshokutwa yake majibu ya makohozi yakatoka: TB ya mapafu. Nikaanza dawa siku hiyohiyo. Nilikaa nyumbani wiki tano, nikarudi Jumatatu 16 Machi. Sasa nina kilo 55, sikohoi, mashavu yamerudi. Ukinitazama utaapa nimepona. Siku niliyorudi walinipigia makofi, na kufikia saa nne asubuhi faili zote zilikuwa zimerudishwa mezani kwangu, na dirishani kuna foleni ya watu wanaouliza ovataimu zao.

Ukweli ni kwamba mpaka saa sita mchana niko sawa kabisa. Nikishakula, naanza kuzima kama simu yenye betri mbovu. Nyumbani nakaa ghorofa ya nne, napanda nikipumzika mara mbili. Lakini mishahara ya Machi nilijikaza, nikabaki ofisini hadi saa moja usiku siku tatu mfululizo, mtu asiseme nimerudi nusu. Pesa ikatoka Ijumaa tarehe 27 kama kawaida. Ila kuna kibarua aliyekuwa na saa 16 za ovataimu, nikamwandikia 61. Yeye hakusema kitu, na simlaumu. Mkaguzi aliiona Jumatano iliyofuata.

Leo nimepewa barua. "Uzembe na kushuka kwa utendaji", nijibu ndani ya saa 48. Zinaisha Alhamisi tarehe 9, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma makato ya PAYE, NSSF na SHA, na hayo pia ni mimi nayatuma. Nimecheka peke yangu kwenye matatu hadi kondakta akaniangalia.

Nijibu nini? Na nitawaambiaje kwamba bado sijawa yule wa Desemba bila kuonekana natafuta mshahara wa bure?

---

Mbishi254
saa 2:58 usiku

Pole dada. Lakini tuwe wakweli. Sheria ya ajira inakupa siku 14 za ugonjwa kwa mwaka, saba mshahara kamili, saba nusu mshahara. Zikiisha zimeisha. Ukishavuka geti kurudi kazini, machoni pa mwajiri wewe ni mzima, na saa 61 badala ya 16 ni pesa ya watu. Omba msamaha, ahidi haitarudiwa, maisha yaendelee.

---

Jabali_wa_Donholm
saa 3:10 usiku

Hawawezi kukufuta ovyo hivyo! Nenda ofisi ya leba kesho asubuhi, dai notisi ya mwezi mmoja, likizo zilizobaki na cheti cha utumishi. Mimi walinifuta 2019 na nikalipwa zote.

---

Nyota_Pipeline
saa 3:14 usiku

@Jabali asante, lakini sijafutwa. Nimeambiwa nijieleze tu.

---

Jabali_wa_Donholm
saa 3:15 usiku

Leo kujieleza, kesho geti. Nimekwambia.

---

Boaz_Vihiga
saa 3:31 usiku

Yako ni ugonjwa, yangu ilikuwa msiba, ila nimesoma nikajiona. Mama alitutoka Agosti. Kazini nilipewa siku tano, zikakatwa kwenye likizo yangu ya mwaka. Siku hizo nilizimalizia kwenye mambo ya mochari, kamati ya mazishi, michango ya M-Pesa ambayo mimi ndiye nilikuwa naiorodhesha, na usafiri wa watu kwenda Vihiga. Tulimzika Jumamosi, Jumatatu saa mbili niko kwenye meza. Yaani sikuwa nimeketi hata saa moja kumlilia.

Jumatatu hiyo kila mtu alikuja na pole yake. Jumanne ikawa kimya. Wiki ya tatu ndiyo nilianguka. Nilikuwa nasoma barua pepe moja mara nne, sikumbuki ilisema nini. Bosi akaniita, "Boaz, si ulikuwa umeshapoa?" Nami wiki ya kwanza nilikuwa nimefanya kazi kama mashine, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuuliza. Kama ningekuwa nimezubaa tangu mwanzo angenielewa, nadhani. Ni wiki ile ya kwanza iliyoniharibia.

---

MzeeFaili
saa 4:05 usiku

Binti, nimefanya kazi ya ofisi ya wafanyakazi viwandani miaka 22, nimestaafu. Barua za kujieleza nimeandika nyingi kuliko nilivyoandika barua za mapenzi, kwa hiyo najua anayeiandika anatafuta nini. Kabla sijakushauri, nijibu haya.

Kwanza, zile wiki tano zilihesabiwaje? Pili, uliporudi ulileta karatasi gani kutoka kliniki, na iliandikwa nini? Tatu, ile 61 uliiandika siku gani, saa ngapi? Nne, nani alishika dawati ulipokuwa mgonjwa?

Na @Mbishi254, hizo 14 ulizotaja ni kweli zimo kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30. Lakini kifungu hicho kimesema "zisipungue". Hicho ni kima cha chini. Kuna Amri ya Jumla ya Mishahara, ya zamani kuliko sheria hiyo, inayotoa hadi siku 30 kwa mshahara kamili na 15 kwa nusu. Na sheria yenyewe, kifungu cha 26, inasema penye masharti bora kwa mfanyakazi, hayo bora ndiyo yanayoshika. Viwanda vyenye chama huwa na mkataba wa pamoja ambao mara nyingi hupita hapo.

---

Nyota_Pipeline
saa 4:22 usiku

Mzee, asante kwa kukaa macho.

Wiki tano ni siku 25 za kazi. Walihesabu 7 kamili, 7 nusu mshahara, na 11 wakazitoa kwenye likizo yangu ya mwaka. Nilikuwa nimebakiza 15, sasa nina 4. Na kliniki naenda kila baada ya wiki mbili, nusu siku inaniishia kwenye foleni, kwa hiyo hizo 4 nazitazama zikiyeyuka.

Karatasi ya kliniki iliandika "anaweza kurudi, apewe kazi nyepesi". Basi. Meneja aliisoma akasema, "Lakini kazi yako si ni ya kukaa? Iwe nyepesi namna gani tena?"

Saa 61 niliiandika Jumanne 24 Machi, kumbukumbu ya mfumo inaonyesha saa 12:18 jioni.

Dawati lilishikwa na mwenzangu wa akaunti za wadai. Aliifanya juu ya kazi yake mwenyewe. Siku hizi hanisemeshi vizuri.

---

Kiboko_ya_Umoja
saa 4:30 usiku

Mimi nilikuwa na TB 2016. Hizo dawa ndizo zinachosha, si ugonjwa. Mimi siku ya kazi nyingi nilikuwa naruka, nakunywa wikendi mara mbili kufidia. Nilipona vizuri tu.

---

Sista_Kayole
Jumatano 8 Aprili, saa 11:50 alfajiri

Nimeamka nikakuta ushauri wa Kiboko na usingizi wote ukaniruka. Nyota, usifanye hivyo hata siku moja. Ukiruka dozi unawaacha wadudu waliobaki wajifunze kuishi na dawa. TB sugu inatibiwa kwa dawa nyingine nzito zaidi, na huko ndiko utapoteza kazi kweli. Kufidia kwa kunywa mara mbili ni kulipiga ini bure. Kiboko, ulikuwa na bahati, usiigawe.

Niko kwenye kliniki ya TB, wagonjwa kama wewe nawaona kila siku. Ile kuzima mchana ina sababu zaidi ya moja. Umepoteza kilo tisa na umerudisha tatu, na sehemu kubwa ya ulichopoteza ni misuli, ndiyo maana ngazi zinakushinda. Pafu lililokuwa na kidonda linapona polepole kuliko kikohozi kinavyoisha. Kwa wengine pumzi haifiki ilipokuwa hata dawa zikiisha, na hilo mtu hulitambua baada ya miezi. Kwa hiyo kutokohoa si kipimo cha nguvu. Mimi natazama kilo na ngazi. Andika kila Jumapili umepumzika mara ngapi hadi ghorofa ya nne. Ikishuka kutoka mbili hadi moja, hayo ndiyo maendeleo.

Ila kuna uchovu usio wa kungoja. Ukiona macho yamekuwa ya njano, unatapika, au chakula kinakukataa kabisa, njoo kliniki siku hiyohiyo, hilo ni ini. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutishe, ni dawa. Ganzi au kuwaka moto nyayoni, sema mapema, kuna vitamini ya kuzuia.

Miezi yako miwili ya kwanza inaisha wiki hii. Utapimwa makohozi tena, na yakiwa safi dawa zitapungua kutoka aina nne hadi mbili kwa miezi minne iliyobaki. Wengi husema hapo mwili unakuwa mwepesi kidogo. Si wote.

---

MzeeFaili
saa 1:15 asubuhi

Sista amenisaidia. Sasa tulia, nikueleze ninavyoiona.

Barua ile imechanganya mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. Uzembe ni utovu wa nidhamu. Kushuka kwa utendaji ni jambo jingine. Na kuna la tatu ambalo hawakulitaja, hali ya mwili. Ukijibu kama Mbishi alivyosema, "naomba msamaha, haitarudiwa", umekubali uzembe, umeficha la tatu, na umeahidi usichoweza kukitimiza. Mwezi wa Aprili ukikosea tena, ahadi yako ndiyo itakuwa ushahidi wao. Nimeona faili nyingi zikifungwa hivyo.

Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kumwondoa mtu kwa utovu, utendaji au hali ya mwili, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na amsikilize. Hujafika huko na Mungu apishe mbali. Lakini jibu lako la kesho ndilo litakalosomwa siku hiyo ikifika, kwa hiyo liandikwe kama litakavyosomwa na mtu asiyekujua.

Usikane kosa. Liseme na saa yake: Jumanne 24 Machi, saa 12:18 jioni, zaidi ya saa kumi tangu uingie. Sema ulikuwa wiki ya pili tangu urudi kutoka likizo ya ugonjwa wanayoijua, na ulikuja na karatasi inayotaka kazi nyepesi, ambayo hakuna aliyekaa nawe kupanga maana yake. Usiandike kwa ukali, andika kama tarishi anayeripoti. Halafu weka pendekezo. Barua ya kujieleza isiyo na pendekezo humwachia bosi kazi ya kufikiri, na bosi aliyechoka hufikiri adhabu.

Hilo pendekezo ndilo la muda mrefu, nitalileta jioni. Leo rudi kliniki kwa karatasi mpya. Ile ya "kazi nyepesi" ni bure. Meneja wako ameuliza swali la haki kabisa, nyepesi namna gani? Kwa mwashi ni asibebe mawe. Kwa karani ni nini? Daktari asipoandika, kila mtu anajaza la kwake.

---

Sista_Kayole
saa 1:40 asubuhi

Hata sisi kliniki tunakosea hapo, tunaandika maneno mawili tukiwa na watu arobaini kwenye benchi. Nenda na maneno yako tayari, umwombe daktari ayaweke kama anakubaliana nayo. Kwa mfano: asifanye kazi kupita saa kumi na moja jioni, asisimame mfululizo zaidi ya nusu saa, kazi ya umakini apangiwe asubuhi, aruhusiwe kliniki kila wiki mbili, na atazamwe tena tarehe fulani ya Mei. Tarehe usiisahau.

Na jina la ugonjwa si lazima liwepo kwenye karatasi hiyo. Mipaka ya kazi inatosha.

---

Mbishi254
saa 1:52 asubuhi

Subiri. TB inaambukiza. Wenzake hawana haki ya kujua? Mimi ningekaa meza ya pili ningetaka kuambiwa.

---

Sista_Kayole
saa 2:05 asubuhi

Kwa TB ya kawaida inayokubali dawa, mgonjwa akimeza vizuri, baada ya wiki chache za mwanzo hatari ya kuambukiza huwa imeanguka sana. Yeye alirudi wiki ya tano, kwa ruhusa ya kliniki. Waliokaa naye karibu Januari ndio wa kupimwa, na hilo lilitakiwa kufanyika Februari. Nyota, walipimwa?

---

Nyota_Pipeline
saa 2:20 asubuhi

Nyumbani walikuja, mtoto wangu wa miaka mitatu akapewa dawa za kinga. Ofisini hapana, kwa sababu niliomba isisemwe. Ofisi nzima inajua ni "nimonia". Niliogopa. Hata hivyo kuna mtu ameshaandika jina kwenye kikombe chake.

---

Sista_Kayole
saa 2:31 asubuhi

Naelewa kwa nini. Lakini wale wa karibu wanastahili kupimwa, na kliniki inaweza kufanya bila kukutaja ikipata njia. Ongea na muuguzi wako leo ukiwa huko. Hilo siliachi.

---

Wanza_K
saa 3:08 asubuhi

Mimi naandika kutoka upande ambao hakuna anayeuandikia. Si mwenzake Nyota, ofisi ni tofauti kabisa, lakini mwaka jana nilishika dawati la mtu miezi miwili. Alifanyiwa upasuaji.

Alipokuwa hayupo sikulalamika. Niliona leo ni zamu yangu, kesho ni yake. Nilichokasirikia ni aliporudi. Alikuwepo ila hayupo. Bosi alihesabu tuko wawili, mimi nikajua tuko mmoja na robo, na hakuna aliyeniambia hiyo robo tatu itarudi lini. Nilikuwa namaliza ya kwangu, nakagua ya kwake kimyakimya, halafu yeye ndiye anapigiwa makofi kwa kurudi. Hata asante sikupata. Kama mtu angeniambia "vumilia hadi tarehe 15", ningevumilia hadi tarehe 30.

Kwa hiyo Nyota, yule mwenzako asiyekusemesha, huenda hana neno na ugonjwa wako.

---

Nyota_Pipeline
saa 3:30 asubuhi

Wanza, hiyo imenikaa. Sikuwahi hata kumnunulia chai.

---

MzeeFaili
saa 12:45 jioni

Nimerudi. Wanza amesema jambo ambalo ofisi nyingi hulipita.

Watu wakirudi kutoka ugonjwa huomba "muda". Neno hilo halina vipimo, na mwenzako hulisikia kama "sijui lini". Wengine huomba saa chache, na hapo linazuka swali la mshahara: sheria haimlazimishi mwajiri kukulipa saa nane kwa kazi ya saa tano. Mkipunguza saa ni mkataba unabadilika, inabidi mkubaliane na iandikwe, na mshahara unaweza kupungua nao. Kwako sidhani kunahitajika. Wewe saa nane unaziweza ilmradi mchana usipewe kazi ya tarakimu. Kwa hiyo badilisha mpangilio wa kazi, saa uziache.

Niambie kazi zako zote kwa mwezi. Najua karani wa mishahara hufanya nini, ila kila kiwanda kina vioja vyake.

---

Nyota_Pipeline
saa 1:20 usiku

Mahudhurio ya vibarua kutoka kitabu cha geti, kila siku, naingiza mchana kwa sababu msimamizi wa shifti huleta saa nane. Ovataimu nafunga tarehe 22. Dirisha la maswali liko wazi siku nzima, mtu anakuja saa yoyote, nasimama. Tarehe 24 hadi 26 nahesabu mishahara, naandaa faili la benki, mkuu wa uhasibu anaidhinisha. Halafu kufikia tarehe 9 natuma P10, ile ripoti ya PAYE, kwenye iTax, pamoja na NSSF na SHA.

Dirisha ndilo linanimaliza. Kuongea na watu thelathini umesimama, pumzi inakata, kisha nakaa kuingiza saa zao.

---

MzeeFaili
saa 2:10 usiku

Umejijibu mwenyewe. Tazama siku yako: asubuhi ukiwa na nguvu unasimama dirishani, mchana ukiwa umezima unaingiza tarakimu. Siku ya wiki ya mishahara unaongeza jioni juu yake. Ile 61 haikutoka kwenye uzembe, ilitoka kwenye ratiba. Hata mzima angeikosea, yeye angechukua mwaka, wewe wiki mbili.

Pendekeza hivi, hadi tarehe ile daktari atakayoandika. Kitabu cha geti kiletwe asubuhi ya siku inayofuata, uingize kati ya saa mbili na saa tano. Hakuna anayeumia, vibarua hawalipwi kila siku. Dirisha lifunguliwe saa nane hadi saa tisa tu, Jumanne na Alhamisi, na uwekewe kiti. Mchana mwingine ufanye faili, barua, mambo ambayo kosa lake halitoi pesa. Ovataimu ifungwe tarehe 20 badala ya 22. Siku mbili hizo ndizo zitakazokuondolea kubaki usiku. Na faili la benki lisomwe na macho ya pili kabla ya kuidhinishwa, si mistari yote 180. Toa orodha ya waliopata ovataimu zaidi ya mara mbili ya ile ya mwezi uliopita. Itakuwa na watu wachache. Ile 61 ingeruka hapo kama panzi.

Hilo la mwisho lingefaa hata kabla hujaugua, na ndilo bosi atalipenda, kwa sababu linamlinda yeye. Liweke la kwanza.

Kuhusu zile siku 25. Kama masharti ya siku 30 yanakuhusu, basi zote zilipaswa kuwa za mshahara kamili. Ungerudishiwa nusu ya siku 7 na siku 11 za likizo, na kliniki isingekutisha. Lakini usiliweke kwenye jibu la kesho. Hilo ni dai, na ukilichanganya na kujieleza litaonekana kisasi. Kwanza muulize mwakilishi wa chama mkataba wa pamoja unasemaje na kama makarani wamo.

---

Mbishi254
saa 2:25 usiku

Mzee, makarani wa ofisini wengi wako nje ya chama. Na hiyo Amri sina hakika inamgusa karani wa mshahara wa mwezi. Usimpe matumaini.

---

MzeeFaili
saa 2:33 usiku

Hapo una hoja. Nimeona ikikubaliwa na nimeona ikikataliwa. Ndiyo maana nimesema aulize.

---

Nyota_Pipeline
Alhamisi 9 Aprili, saa 12:05 alfajiri

Nimeandika hivi, mniambie kabla sijachapa.

"Nakiri kwamba tarehe 24 Machi, saa 12:18 jioni, niliingiza saa 61 za ovataimu badala ya 16. Kosa ni langu. Nilikuwa katika wiki ya pili tangu nirudi kutoka likizo ya ugonjwa, na nilikuwa kazini tangu saa mbili asubuhi. Karatasi ya kliniki niliyoleta tarehe 16 Machi iliomba kazi nyepesi, ila haikuwa imefafanuliwa. Naambatanisha karatasi mpya yenye mipaka ya wazi hadi tarehe 11 Mei. Ili kosa la aina hii lisipite tena, napendekeza yafuatayo, na naomba kikao kifupi pamoja na mwenzangu aliyeshika dawati langu ili tupange kazi hadi tarehe hiyo..."

Halafu yale ya Mzee, macho ya pili yakiwa la kwanza.

---

MzeeFaili
saa 12:20 asubuhi

Chapa. Peleka nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Kisha utume PAYE zako kabla ya chakula cha mchana.

---

Boaz_Vihiga
saa 12:41 asubuhi

Natamani ningekuwa na tarehe ya kuandika. Msiba hauna kliniki ya kukupa 11 Mei.

---

Wanza_K
saa 12:55 asubuhi

@Boaz ungejipa mwenyewe. Ungemwambia bosi "nitazame tena mwisho wa Septemba". Hata kama ni ya kubuni.

---

Boaz_Vihiga
saa 1:02 asubuhi

Septemba ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, lakini nimekuelewa.

---

Nyota_Pipeline
Alhamisi 16 Aprili, saa 3:00 usiku

Nimerudi na mrejesho.

Kikao kilikuwa juzi. Mkuu wa uhasibu alikubali ile orodha ya ovataimu papo hapo, akasema tuanze mwezi huu. Kitabu cha geti kuletwa asubuhi, sawa. Kufunga ovataimu tarehe 20, msimamizi wa shifti amekataa, anasema wikendi yake ya mwisho ya uzalishaji itabaki nje. Tumekubaliana 21, na hiyo ni kwa majaribio. Dirisha limekuwa ugomvi. Watu wa shifti ya usiku hutoka saa moja asubuhi, hawawezi kungoja saa nane mchana. Mwenzangu ndiye aliyesema, "Hao nitawasikiliza mimi, ila mpaka tarehe 11 Mei, isizidi." Alikuwa na daftari mbele yake, akaiandika tarehe, akaipigia mstari mara mbili. Nilimshukuru mbele ya watu. Akasema, "Sawa," akatazama pembeni. Jana tumekunywa chai.

Barua haijafutwa. Afisa wa wafanyakazi anasema jibu "limepokelewa na kuwekwa kwenye faili". Pesa ya yule kibarua inakatwa kidogokidogo kwenye malipo yake, na sasa yeye ndiye hanisalimii. Mwakilishi wa chama amesema atatafuta nakala ya mkataba wa pamoja, sijamwona tena.

Sista, makohozi yamekuwa safi, nimehamia dawa mbili. Na muuguzi alikuja kiwandani Jumatatu, akawapima watu wa ofisi zetu zote mbili kifua, akasema ni uchunguzi wa mazingira yenye vumbi. Sijui kama waliamini. Kile kikombe chenye jina bado kiko.

---

Sista_Kayole
saa 3:12 usiku

Kilo?

---

Nyota_Pipeline
saa 3:13 usiku

56 na nusu. Ngazi bado mara mbili.